Tiketi Kumi na Moja Zimechanika: Bahati Mbaya au Mbinu Mbovu?

Watu wengi wanaobeti hawana mbinu, na makala haya hayawahusu sana. Wanachagua timu wanayoipenda, wanaongeza nyingine nne ili odi inone, wanatuma hela, basi. Wapo wachache wanaofanya kwa mpango: wana kanuni ya kuchagua mechi, wanaweka dau lile lile kila mara, na wanaandika kila tiketi kwenye daftari. Hao ndio wanaofika kwenye swali gumu. Miezi imepita, tiketi zinachanika moja baada ya nyingine, na daftari halisemi kama huu ni upepo mbaya utakaopita au ni mbinu yenyewe iliyooza.

Swali hilo lina njia za kulijibu, na nyingi zinahitaji kalamu, simu na uvumilivu kidogo tu. Nitatumia mfano mmoja wa kutunga mwanzo hadi mwisho. Mchezaji ameweka tiketi 200, kila moja ya mechi moja tu, kila moja kwa dau la TSh 2,000, zote kwa odi ya takriban 2.10. Anaamini kanuni yake inapatia nusu ya mechi. Ameshinda 88 na kupoteza 112. Katikati ya safari hiyo alipoteza 11 mfululizo.

Kupoteza mara 11 mfululizo si ushahidi tosha kwamba mbinu imekufa?

Si tosha, ingawa moyo unasema vingine. Kosa liko kwenye hesabu ambayo watu wengi huifanya kichwani. Kama unapatia nusu ya mechi, uwezekano wa kukosa 11 zinazofuata kuanzia leo ni mmoja katika 2,048. Namba hiyo inatisha, na mtu akiiona anatupa daftari. Lakini hakuna aliyechagua siku ile mapema akasema tuanze kuhesabu hapa. Mchezaji wetu aliweka tiketi 200, na mfululizo ule ungeweza kuanzia popote kati ya hizo. Ukihesabu nafasi zote hizo, uwezekano wa kukutana na mfululizo wa kukosa 11 au zaidi mahali fulani ndani ya tiketi 200 unapanda hadi kama 5 katika 100. Ni jambo la nadra, lakini si muujiza. Mfululizo mrefu zaidi wa kukosa ambao angepaswa kuutarajia, bila kosa lolote upande wake, ni wa tiketi 7 hivi. Akifika tiketi 1,000, atarajie wa 9.

Odi ikipanda, mambo yanakuwa marefu zaidi. Anayetafuta timu dhaifu zenye odi ya 3.50, na kupatia asilimia 29 ya wakati, ndani ya tiketi 200 atarajie kupitia mfululizo wa kukosa 12 au 13. Kwake yeye, kumi na moja ni hali ya hewa ya kawaida. Kwa hiyo kabla hujaogopa urefu wa mfululizo, angalia odi zako na idadi ya tiketi zako. Mfululizo peke yake, ukiuliza mimi, ndicho kipimo dhaifu kuliko vyote, na ndicho watu wanachokitazama zaidi.

Basi nitazame nini? Jumla ya ushindi?

Jumla ni afadhali, mradi uisome kwa kulinganisha hadithi mbili badala ya moja.

Tuanze na hadithi ya kwanza, ile anayoiamini mchezaji mwenyewe: anapatia asilimia 50. Kwa odi ya 2.10, kila TSh 100 anayoweka ingemrudishia TSh 105 kwa wastani, maana yake faida ya asilimia 5. Katika tiketi 200 alipaswa kushinda 100. Ameshinda 88. Je, pengo la 12 ni kubwa? Katika tiketi 200 za namna hii, bahati peke yake hulisogeza jibu juu au chini kwa kama tiketi 7, na hilo halishangazi mtu. Likisogea 14, uanze kukuna kichwa. Kumi na mbili iko katikati ya hapo. Ukitaka namba kamili, fungua jedwali la hesabu kwenye simu au kompyuta, uandike hivi:

```
=BINOM.DIST(88,200,0.5,TRUE)
```

Jibu ni 0.05 na kidogo juu. Maana yake, mtu mwenye mbinu nzuri kweli kweli angepata ushindi 88 au pungufu mara 5 hivi katika kila 100.

Wengi huishia hapo na kusema, naam, bado inawezekana, tusonge mbele. Hapo ndipo hesabu inapokuwa imefanywa nusu. Hadithi ya pili nayo inadai kusikilizwa: kwamba mchezaji huyu hana mbinu yoyote, anachagua kama mtu yeyote, na kampuni inamkata faida yake kama kawaida. Kama kampuni inajiwekea asilimia 4.5 hivi kwenye mechi, odi ya 2.10 inamaanisha timu inashinda kama asilimia 45.5 ya wakati. Asiye na mbinu angetarajia ushindi 91 katika tiketi 200. Na 88 iko jirani kabisa na 91. Badilisha 0.5 kwenye ile fomula uweke 0.455, utapata kama 0.36. Ukilinganisha hadithi hizi mbili kwa matokeo haya haya, ile ya asiye na mbinu inayaeleza karibu mara nne vizuri zaidi.

Mara nne si hukumu ya mwisho. Lakini inasogeza mizani, na inasogeza zaidi ukikumbuka mizani ilianzia wapi. Kabla ya tiketi ya kwanza, nani alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi: mtu aliyegundua kanuni inayoishinda kampuni kwa asilimia 5, au mtu anayedhani ameigundua? Kampuni zina wataalamu na programu zinazopanga odi usiku na mchana. Kuzishinda kwa asilimia 5 ni kazi kubwa sana. Anayeanza na imani kidogo anahitaji ushahidi mdogo tu ili aache, na hilo ni sawa kabisa.

Na kama ningesubiri? Si tiketi zikiwa nyingi ukweli utajitokeza?

Utajitokeza, ila uliza lini. Kwa mfano wetu huu, mwenye faida ya kweli ya asilimia 5 bado ana nafasi kama moja katika nne ya kuwa kwenye hasara baada ya tiketi 200. Ili faida yake ijitenge na bahati kwa kiasi ambacho mtu makini angekikubali, anahitaji tiketi 1,700 na zaidi. Akiweka kumi kwa wiki, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu. Faida ikiwa ya asilimia 3 kwa odi ya 2.00, ambayo ni karibu zaidi na ukweli hata kwa wanaojua, tiketi zinafika 4,400.

Hali hiyo ina upande mwingine wa kuudhi. Hata mwenye mbinu nzuri hutumia muda mwingi akiwa chini ya kilele chake. Yule wa asilimia 5, ukimkuta siku yoyote baada ya kucheza muda mrefu, kwa wastani yuko chini ya kilele chake kwa madau 11. Kwa dau la TSh 2,000 hiyo ni TSh 22,000. Na siku moja katika kila ishirini utamkuta chini kwa madau 33 au zaidi, yaani TSh 66,000, bila mbinu yake kuwa na kasoro yoyote. Mchezaji wetu amepoteza madau 15 na kidogo: aliweka TSh 400,000 na zimerudi TSh 369,600. Hasara hiyo peke yake haimtofautishi mwenye mbinu na asiye nayo.

Kwa hiyo anayesema "nisubiri matokeo" anasema nisubiri miaka, huku hela zikitoka. Ipo njia fupi zaidi.

Njia gani?

Acha kwa muda kutazama nani alishinda. Tazama odi uliyoipata dhidi ya odi ya dakika ya mwisho, pale mpira unapokaribia kuanza.

Sababu yake ni hii. Mechi kubwa inapokaribia, habari zote huwa zimeshaingia sokoni: nani ameumia, nani anaanza, uwanja umelowa kiasi gani, na hela za wanaojua zimewekwa wapi. Odi hushuka na kupanda kufuata hizo. Ndiyo maana odi ya mwisho, kwenye ligi zenye hela nyingi, ndiyo makadirio bora ya uwezekano ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyapata bure. Kama mbinu yako ina kitu, itakuwa inaona mapema kile ambacho soko litakiona baadaye. Utanunua kwa 2.20 na soko litafunga kwenye 2.00. Likitokea hivyo mara nyingi, una kitu, hata kama tiketi zinachanika. Kama unanunua kwa 2.10 na soko linafunga kwenye 2.25, soko lilikwenda upande mwingine, na hata ukishinda mechi ile ulibahatisha.

Hesabu yake ina hatua moja ambayo watu huiruka. Odi ya mwisho nayo ina faida ya kampuni ndani yake, na lazima uitoe. Tuseme mechi imefunga hivi: nyumbani 2.00, sare 3.40, ugenini 3.90. Gawanya 1 kwa kila odi, kisha jumlisha: 0.500 na 0.294 na 0.256, jumla 1.05. Ile 0.05 iliyozidi ni faida ya kampuni. Zidisha odi ya nyumbani kwa jumla hiyo, 2.00 mara 1.05, upate 2.10. Hiyo ndiyo odi ya haki, isiyo na faida ya mtu. Sasa pima odi yako. Uliyenunua kwa 2.20 ulipata zaidi ya haki kwa karibu asilimia 5. Uliyenunua kwa 2.10 huna faida wala hasara. Na wewe uliyenunua kwa 2.05, ukajisifu kwamba umeishinda odi ya mwisho ya 2.00, bado uko chini ya haki, na muda mrefu utakula hasara. (Kuna njia za kisasa zaidi za kuigawa faida ya kampuni kati ya matokeo matatu, hasa odi zinapokuwa kubwa. Kwa odi za karibu na 2.00 hii rahisi inatosha.)

Fanya hivyo kwa kila tiketi, andika asilimia, kisha tafuta wastani. Kwa nini kipimo hiki kinatoa jibu mapema? Kwa sababu matokeo ya tiketi moja yanayumba sana: ama unapoteza dau zima, ama unapata dau zima na zaidi. Tofauti kati ya odi yako na odi ya mwisho inayumba kwa asilimia chache tu, tuseme nane juu au chini. Kelele zikiwa ndogo, sauti inasikika haraka. Tiketi 200 ambazo kwa matokeo hazikutuambia lolote la uhakika, kwa kipimo hiki zinatosha kutofautisha wastani wa asilimia 2 juu na asilimia 2 chini bila shaka kubwa.

Turudi kwa mchezaji wetu. Kama wastani wake baada ya tiketi 200 ni asilimia 2 juu ya odi ya haki, basi ushindi 88 ni bahati mbaya kwa sehemu kubwa, ingawa ile imani yake ya asilimia 5 ilikuwa imechangamka kupita kiasi. Aendelee kama ana hela ya kuhimili. Kama wastani ni asilimia 4 chini, hana cha kusubiri. Hasara yake ni bei ya kawaida ambayo kila mtu anailipa kwa kampuni, na hakuna bahati nzuri inayokuja kumfidia.

Odi za mwisho nitazipata wapi?

Kwa ligi kubwa za Ulaya si kazi. Tovuti ya Football-Data.co.uk, ya Joseph Buchdahl, kwa miaka mingi imekuwa ikiweka bure mafaili ya matokeo na odi za ligi hizo, zikiwemo odi za mwisho za kampuni ya Pinnacle. Katika mafaili ya misimu iliyopita zimo kwenye safu za `PSCH`, `PSCD` na `PSCA`: nyumbani, sare, ugenini. Pinnacle inatumiwa kama rula na watu wengi kwa sababu inakubali madau makubwa kwa faida ndogo, na haina desturi ya kuwafukuza wanaoshinda, hivyo hela za wanaojua hupita humo na kuzinyoosha odi. Usipoipata, piga picha ya skrini dakika tano kabla ya mechi kuanza. Si sahihi kama ile, lakini ni bora kuliko kumbukumbu.

Kipimo hiki kina mipaka. Kinategemea soko lenye hela nyingi. Kwenye mechi ya daraja la chini hapa kwetu, ambapo kampuni imenakili odi kutoka mahali fulani na hakuna anayeweka hela ya maana, odi ya mwisho haijajifunza lolote, na mtu anayeijua timu ya mtaani kwao anaweza kuwa sahihi kuliko soko. Huyo hana rula, amebaki na matokeo na uvumilivu. Na wale wa mechi za kompyuta, zile zinazochezwa kila baada ya dakika chache, hawana mbinu ya kuvunjika. Matokeo yanatoka kwenye programu ya kubahatisha na faida ya kampuni imeshapangwa humo.

Mimi nacheza mikeka ya mechi kumi. Nifanyeje?

Kwa mkeka mrefu swali letu halina jibu kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Chukua mechi kumi ambazo kila moja ina uwezekano wa asilimia 70, zile ambazo watu huziita za uhakika. Mkeka mzima unatiki mara moja katika 35 hivi. Mtu anayecheza mkeka mmoja kila siku, akachana mia moja mfululizo, yaani zaidi ya miezi mitatu, hajapatwa na jambo la ajabu: hutokea kwa karibu watu 6 katika 100. Sasa jaribu kutofautisha hapo. Mwenye akili na asiye na akili wote wana miezi mitatu ya karatasi zilizochanika.

Halafu kuna faida ya kampuni, ambayo haijumlishwi tu, inazidishwa. Odi ya haki ya asilimia 70 ni 1.43, na kampuni ikikata asilimia 5 utapewa 1.36. Zidisha mara kumi unapata odi ya 21 na nusu na kidogo, inayopendeza machoni. Lakini odi ya haki ni 35. Kwa kila TSh 1,000 unazoweka, zinazorudi kwa wastani ni TSh 610. Hapo uchunguzi hauhitajiki. Bonasi ya mkeka ambayo kampuni nyingi huitangaza hurudisha sehemu ya pengo hilo, soma masharti yake uone ni kiasi gani.

Mbinu inaweza kuwa ilikuwa nzuri kweli, kisha ikafa?

Inaweza, na kwa kawaida ukichimba utakuta sababu unayoweza kuitaja kwa jina na tarehe. Mfano ulio wazi ni Ujerumani mwaka 2020. Bundesliga ilisimama kwa sababu ya korona, ikarejea tarehe 16 Mei bila mashabiki uwanjani. Timu za nyumbani, ambazo kabla ya hapo zilikuwa zikishinda zaidi ya mechi nne katika kumi, zikashuka hadi kama theluthi moja kwa mechi zilizobaki za msimu. Aliyekuwa na kanuni iliyoegemea nguvu ya uwanja wa nyumbani hakuwa na haja ya kungoja tiketi 1,700. Kitu ambacho kanuni yake ilikisimamia, kelele za mashabiki, kilikuwa hakipo.

Swali la kujiuliza basi ni hili: mbinu yangu inapata faida kutokana na nini hasa, na je, kitu hicho bado kipo? Kama huwezi kujibu nusu ya kwanza, nusu ya pili haina maana. Anayesema "timu ya ugenini iliyofungwa mechi mbili zilizopita huwa inashinda Jumapili" hana sababu, ana kumbukumbu. Mbinu za namna hiyo mara nyingi zilizaliwa zimekufa. Mtu amekaa na matokeo ya misimu iliyopita, akajaribu kanuni arobaini, mbili zikaonekana nzuri. Kwa bahati tupu, ukijaribu kanuni arobaini zisizo na kitu, mbili hivi zitapita mtihani ambao kanuni mbovu hupita mara moja tu katika ishirini. Kinachoonekana leo kama kuharibika ni namba kurudi mahali pake.

Sababu nyingine haiko uwanjani kabisa. Iko kwenye makato. Viwango vya kodi ya kubeti Tanzania na Kenya vimekuwa vikibadilishwa mara kwa mara, na kila badiliko linagusa hesabu yako moja kwa moja. Tuseme kodi ni asilimia 10 ya faida unayoshinda. Odi yako ya 2.10 si 2.10 tena: faida ya 1.10 inapungua kuwa 0.99, na unalipwa kana kwamba odi ilikuwa 1.99. Mchezaji wetu, hata angepatia zile asilimia 50 alizojiahidi, kila TSh 100 ingemrudishia TSh 99.50. Faida yote ya asilimia 5 imeyeyuka na pengo limebaki, na hakuna mechi hata moja aliyoikosea. Nimeona madaftari yaliyojazwa kwa uangalifu mkubwa, odi, ligi, muda, kila kitu, na safu ya kodi haimo.

Nitajuaje kama tatizo ni mbinu au ni mimi?

Gawa daftari sehemu mbili: kabla ya mfululizo mbaya na baada yake. Linganisha wastani wa odi, ukubwa wa dau, ligi, na tiketi ngapi kwa siku. Ukiona kabla ya hapo ulikuwa unaweka tiketi mbili kwa siku kwenye ligi tatu unazozijua, na baada yake ni tano kwa siku zikiwemo mechi za usiku wa manane za nchi usiyoijua, mbinu haijavunjika. Imeachwa. Tiketi za sehemu ya pili zitoe kwenye hesabu kabisa, kwa sababu ni za mchezaji mwingine.

Dau ndilo la kulitazama kwanza. Kuna wanaoongeza dau mara mbili kila wakikosa, wakiamini ushindi mmoja utarudisha yote. Anayeanza na TSh 1,000, akikosa tisa mfululizo, tiketi ya kumi inamtaka TSh 512,000, na hapo ameshaacha TSh 511,000 nyuma. Nasi tumeshaona kwamba mfululizo wa tisa ni wa kutarajiwa ndani ya tiketi 1,000 hata kwa anayepatia nusu. Mbaya zaidi kwa swali letu, madau yasiyolingana yanaharibu ushahidi: matokeo ya tiketi mbili tatu kubwa yanameza mia mbili ndogo, na hakuna fomula itakayokusaidia.

Niweke wapi mstari wa kuacha?

Uuweke kabla ya kuanza, na uuandike. Mimi ningeandika mistari miwili. Wa kwanza ni wa kipimo: baada ya tiketi 200, wastani dhidi ya odi ya haki, baada ya kodi, ukiwa chini ya sifuri naacha, hata kama daftari linaonyesha faida ya shilingi. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu kuitekeleza, kwa sababu hakuna anayetaka kuacha akiwa juu. Wa pili ni wa hela: hasara ikifika kiasi ambacho mbinu niliyojiahidi ingekifikia mara moja tu katika ishirini, nasimama nichunguze. Kwa mfano wetu ni madau 33 chini ya kilele. Kusimama huko hakuthibitishi kwamba mbinu imekufa. Kunakulazimisha kupima wakati bado una hela na akili imetulia, na hela hiyo iwe ile ambayo haina kazi nyingine nyumbani.

Nikikuta imevunjika, naweza kuirekebisha?

Unaweza kujaribu, lakini tiketi zile 200 haziwezi kuwa shahidi wako mara mbili. Jambo la kawaida ni mtu kupekua daftari na kugundua kwamba hasara yote imetoka kwenye mechi za Jumamosi mchana. Anaziondoa, anahesabu upya, na tazama, mbinu ina faida! Katika tiketi 200 zozote, hata za kurusha sarafu, utapata kundi fulani lililobeba hasara zote, iwe ni siku, ligi au rangi ya jezi. Kanuni mpya uliyoipata kwa kutazama matokeo haijapimwa na matokeo hayo. Iandike, iwekee tarehe, anza kuhesabu kutoka sifuri. Na tiketi hizo 200 mpya unaweza kuziandika kwenye daftari tu, pamoja na odi ya kununua na odi ya mwisho, bila kutuma hata shilingi kwa kampuni. Kipimo cha odi ya mwisho hakijali kama uliweka hela.